Lizi ya miaka 49 inaisha: risiti za mzee, shilingi 42, na jiko lililovuka mpaka

Kazi yangu hapa Arua, Uganda, ni kutengeneza mafaili ya lizi, na mwaka huu wazee wanakuja wengi maana zile lizi za miaka 49 zilizotolewa miaka ya 70 ndo zinaisha sasa. Wengi wanadhani ukishajenga basi ardhi ni yako. Hapana. Lizi ikiisha ardhi inarudi kwa mwenye kuikodisha, mara nyingi bodi ya ardhi ya wilaya au ya jiji, na kuongezewa unaomba, haiji yenyewe. Uliyejenga na kulipa una hoja nzito kuliko mtu mpya, lakini hoja bila karatasi ni maneno tu.

Niwapeni mfano wa mzee mmoja wa Oli. Lizi yake ilianza tarehe 1 Julai 1977, inaisha 30 Juni 2026. Alikuja mwaka mzima kabla, na hapo alinifurahisha sana, wengine wanakuja wakati jirani ameshaomba ardhi hiyohiyo. Kitu cha kwanza tukafanya sachi ofisi ya ardhi tuone kama hati bado ina jina lake na kama hakuna kaveati, yaani zuio la mtu mwingine. (Kama mwenye jina amekufa, msianze na barua ya kuomba lizi, anzeni na barua za usimamizi wa mirathi kotini, la sivyo faili litarudi tu.)

Sasa risiti. Mzee alileta mfuko wa nailoni, tukamwaga mezani tukapanga mwaka kwa mwaka kuanzia 1977 mpaka 2025, maana lazima mtu wa bodi aone miaka 49 bila kuuliza maswali. Tukapata risiti 38. Kuanzia 1980 mpaka 1986 hakuna kitu, miaka 7, na kila mtu wa West Nile anajua kwa nini, watu walikimbilia Zaire na Sudan, mzee naye alikuwa huko na watoto. Zilizobaki ni 4 zimepotea tu, mbili tukazikuta kwenye leja ya ofisi, mbili hazionekani popote.

Hapa ndo watu wanakosea: wanaficha pengo. Mimi nasema liandike wewe mwenyewe kabla hawajaliona. Kodi kwenye lizi ilikuwa shilingi 600 kwa mwaka, lakini Mei 1987 serikali ilibadilisha pesa, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, kwa hiyo 600 ni 6, na deni lote la miaka 7 ni shilingi 42 za leo! Keshia alicheka, sarafu ya kulipa hiyo haipo hata mfukoni. Lakini kwenye lizi kutolipa ni kuvunja sharti hata kama ni shilingi 6, so tukaomba watuandikie deni rasmi, tukalipa pamoja na ile miaka miwili isiyo na risiti, ambayo bodi ilikuwa imeshapandisha kodi hadi 30,000 kwa mwaka. Jumla 60,042. Alilipa na kidogo zaidi, tukaomba barua kwamba hana deni. Hiyo barua moja ina nguvu kuliko ule mfuko wote.

Barua yenyewe tuliiandika Kiingereza kama ofisi inavyotaka, ila kipande cha katikati kwa Kiswahili ni hivi:

"Nimelipa kodi ya ardhi kwa miaka yote 49. Miaka 1980 hadi 1986 nilikuwa ukimbizini, deni hilo nimelilipa na barua ya ofisi imeambatanishwa. Nilimaliza nyumba kuu ndani ya muda wa sharti la kujenga, nikaongeza vyumba vinne vya kupangisha na tangi la maji. Naomba muda mpya wa miaka 49."

Ona hakuna "nimeendeleza sana ardhi". Kila jengo lina karatasi yake nyuma, plani iliyopitishwa, risiti za propati reti, picha. Na usijitape na jengo ambalo lizi haikuruhusu: kama lizi inasema makazi na wewe umefungua duka la mbao, omba kwanza kubadilisha matumizi, vinginevyo umejishtaki mwenyewe kwa mwandiko wako.

Tulimwita na sava, mpima ardhi, afungue mipaka kabla wakaguzi hawajaja. Mawe matatu yalikuwepo, la nne likaonyesha jiko la mzee limevuka karibu mita moja kuingia akiba ya barabara. Mzee alikasirika, akasema lile jiko ni la marehemu mke wake. Nikamwambia, Haji, wakaguzi wakilikuta wataandika kwenye ripoti umevamia barabara, na ripoti ndo bodi inasoma, siyo barua yangu. Wiki iliyofuata alibomoa ukuta wa nje akaujenga ndani ya mstari, kisha tukapiga picha mpya na kuitoa ile ya zamani kwenye faili.