Kinga ya delta: ukishanunua hisa 520, kazi ndiyo inaanza

Tuchukue soko la Marekani, ambako mkataba mmoja wa opsheni hubeba hisa 100. Umeuza mikataba 10 ya opsheni ya kununua: mwenye nayo anaweza kukudai hisa 1,000 kwa dola 100 kila moja, ndani ya miezi 3. Bei ya hisa leo nayo ni dola 100. Tukikadiria mtikisiko, yaani kupanda na kushuka kwa bei ya hisa, wa asilimia 20 kwa mwaka na kuweka riba kando, umepokea takriban dola 3.99 kwa kila hisa, yaani dola 3,990.

Dhana: Kwa kuwa unaweza kudaiwa hisa 1,000, nunua 1,000 ulale usingizi.

Ukifanya hivyo na bei ikaanguka hadi 80, opsheni haitakuwa na maana kwa mwenye nayo, lakini wewe utakuwa umekalia hasara ya dola 20,000 kwenye hisa. Delta ndiyo inayokupa kipimo: inaeleza thamani ya opsheni inasogea kiasi gani hisa ikisogea dola 1. Hapa ni 0.52, kwa hiyo unanunua hisa 520.

Dhana: Ukishanunua hizo 520, umekingwa hadi mwisho.

Umekingwa kwa miondoko midogo tu, maana delta yenyewe haitulii. Tuseme siku hiyohiyo bei inaruka hadi 105. Hisa zako zimepanda kwa dola 2,600, ila opsheni uliyouza sasa ina thamani ya karibu dola 7.06, kwa hiyo deni lako limekua kwa 3,070. Umepungukiwa na 470, ingawa hesabu yako ya asubuhi haikuwa na kosa lolote. Delta sasa ni 0.70, nawe unaongeza hisa 180 kwa bei ya 105.

Dhana: Kurekebisha kinga ni njia ya kujipatia faida.

Hili ndilo linalowachanganya wengi. Bei ikirudi 100 jioni, delta inarudi 0.52 na unauza zile 180. Ulizinunua kwa 105, umeziuza kwa 100: dola 900 zimekwenda, bila kuhesabu kamisheni ya dalali. Muuzaji wa opsheni hununua ghali na kuuza rahisi, kila mara. Kinachomlipa ni muda. Kila siku inayopita opsheni hii hupoteza thamani, mwanzoni karibu dola 22 kwa mikataba yote 10, na fedha hiyo inabaki kwako. Siku ambayo bei imesogea dola 1 hivi, gharama ya kurekebisha ni karibu dola 20, mnatoka sare. Siku ya dola 5 inakula wiki kadhaa.

Ndiyo maana wapo wanaosubiri delta iachane na hisa walizonazo kwa kiwango walichojipangia, mathalani hisa 50, ndipo wanunue au wauze. Kamisheni inapungua, ila bei ikiruka usiku soko limefungwa, subira hiyo haina msaada, na hata kurekebisha kila dakika kusingesaidia.