Zinki ikizidi, shaba ikapungua: damu isiyopanda na chembe nyeupe zinazoshuka

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, tuko Mafinga. Miezi minne sasa amechomwa sindano za B12 na anameza vidonge vya damu, lakini damu haipandi. Kwenye karatasi HGB ni 7.2, MCV 101, NEUT# 0.7, PLT 236. Tumeambiwa twende Mbeya akapimwe uboho, huenda ni kansa. Miguu inamfa ganzi. Dawa nyingine hana, ila vidonge vya zinki vya kuongeza kinga, viwili kwa siku tangu mwaka jana. Vinaweza kuhusika?

Marahaba. Vinaweza, na hilo ndilo la kumwambia daktari wa kwanza mtakayemwona. Wagonjwa wengi hawavitaji vidonge vya kinga kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa, na daktari naye akiuliza "unatumia dawa gani?" hujibiwa "sina".

Kwanza chukueni kopo msome lebo. Kidonge cha zinki salfeti cha mg 220 kina takriban mg 50 za zinki yenyewe. Vikiwa viwili kwa siku, mama anapata mg 100. Mwanamke mtu mzima anahitaji mg 8 tu kwa siku, na kiwango cha juu ambacho mtu mzima hashauriwi kukipita kwa muda mrefu ni mg 40. Kwa hiyo, kama vidonge vyake ni vya aina hiyo, amekuwa akipita mpaka huo zaidi ya mara mbili, kila siku, kwa mwaka mzima. (Zinki ya mg 20 anayopewa mtoto mwenye kuhara kwa siku 10 hadi 14 ni jambo jingine kabisa. Hiyo mpeni mtoto bila wasiwasi.)

Sasa itazameni ile karatasi. MCV ya 101 maana yake chembe nyekundu zimekuwa kubwa kidogo, ndiyo maana alifikiriwa kupungukiwa B12, na ganzi ya miguu ikaongeza uzito wa fikra hiyo. Kuanzia hapo halikuwa kosa. Lakini mwenye upungufu halisi wa B12 huitikia sindano haraka: chembe changa nyekundu huongezeka ndani ya wiki moja, na ndani ya mwezi damu huwa imepanda waziwazi. Miezi minne bila badiliko inasema tatizo liko kwingine. Chembe sahani, hiyo PLT, ziko sawa. Upungufu wa shaba kwa kawaida huziacha hivyo, huku ukishusha chembe nyekundu na neutrofili, yaani zile chembe nyeupe za kinga zilizoandikwa NEUT#.

Zinki si ni ya kuongeza kinga? Inashushaje chembe za kinga?

Njia yenyewe iko kwenye utumbo. Zinki ikiwa nyingi, seli za ukuta wa utumbo hutengeneza kwa wingi protini iitwayo metalothionini, kazi yake ikiwa kuyakamata madini. Protini hiyo huishika shaba kwa nguvu kuliko inavyoishika zinki, shaba ikanata humo kama ndege kwenye ulimbo. Seli za utumbo huishi siku chache, hubanduka na kutoka na choo, na shaba iliyonaswa hutoka nazo. Mama anaweza kula maharage na maini kila siku na shaba isifike kwenye damu.

Uboho ukikosa shaba hushindwa kukomaza neutrofili. Chuma nacho hukwama ghalani, kwa sababu protini zinazokitoa huko kukipeleka kwenye damu hufanya kazi kwa shaba. Ndiyo maana feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma, ya mgonjwa wa namna hii huwa ya kawaida au hata juu, na vidonge vya chuma havimsaidii kitu.

Basi tusiende kupima uboho?

Nendeni, ila ombeni shaba ipimwe kabla, au siku hiyohiyo. Vipimo ni vitatu: shaba, zinki na seruloplasmini, yaani protini inayobeba shaba kwenye damu. Shaba ya mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya mikrogramu 70 na 140 kwa desilita. Mwenye upungufu mkubwa anaweza kusoma chini ya 20.

Sampuli iwekwe kwenye kichupa maalumu cha kupimia madini, kwa sababu kizibo cha mpira cha kichupa cha kawaida kinaweza kuchafua damu kwa zinki. Akiwa ameshaacha vidonge kitambo, zinki inaweza kusoma sawa huku shaba bado iko chini, na hilo halikanushi chochote. Tena seruloplasmini hupanda mtu akiwa na uambukizo au mimba, ikaficha upungufu mdogo.

Uboho ukipimwa, fomu iandikwe wazi kwamba mgonjwa ametumia zinki. Chini ya darubini, upungufu wa shaba unafanana mno na mielodisplasia, ugonjwa wa uboho kutengeneza damu mbovu. Dalili inayomwamsha msomaji ni vitundu kama mapovu ndani ya seli mama, za chembe nyekundu na za nyeupe pia. Asipoambiwa habari ya zinki, ni rahisi kuandika ugonjwa mwingine.

Msisahau sababu za kawaida zaidi. VVU na baadhi ya dawa, kotrimoksazoli ikiwamo, hushusha neutrofili. Pia Waafrika wengi wana neutrofili kati ya 1.0 na 1.5 kwa asili yao tu, bila ugonjwa wowote. Mtu wa namna hiyo damu yake huwa nzuri na miguu yake haina ganzi.

Ikithibitika ni shaba, anatibiwaje?

Zinki inaachwa siku hiyohiyo. (Asiyepaswa kuiacha mwenyewe ni mgonjwa wa Wilson, ambaye shaba humjaa mwilini na hupewa zinki makusudi.) Kisha hupewa shaba ya vidonge. Mpango unaotumika sana ni mg 8 za shaba kwa siku wiki ya kwanza, mg 6 ya pili, mg 4 ya tatu, halafu mg 2 kila siku. Aliyezidiwa huanzishiwa kwa mshipa hospitalini. Zinki iliyolundikana huendelea kuzuia shaba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo maini, karanga, ufuta na korosho ni chakula kizuri lakini havitoshi kuwa tiba.

Tuseme jingine, kwa kuwa huku kwetu mrututu haukosekani shambani, kwa wenye kahawa Mbozi na wenye viazi Njombe. Ni kweli mrututu una shaba. Usionjwe hata kidogo: huunguza tumbo, hupasua chembe nyekundu na huua figo.

Neutrofili ndizo hutangulia kupanda, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne. Damu hufuata, wiki 4 hadi 12. Rudieni kipimo cha damu baada ya wiki mbili, kisha shaba baada ya mwezi. Wakati huo wote, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi asisubiri asubuhi, apelekwe hospitali usiku huohuo, maana kwa neutrofili 0.7 uambukizo hukimbia.

Na ganzi ya miguu?

Hapo tuwe wakweli: damu hurudi, mishipa ya fahamu mara nyingi hairudi yote. Shaba ikikosekana huumiza uti wa mgongo palepale panapoumizwa na kukosa B12. Mgonjwa huyumba akitembea gizani au akifumba macho, maana miguu haimwambii tena ilipo. Kwa wengi tiba husimamisha madhara yasiendelee, na baadhi hupata nafuu polepole kwa miezi. Kama ameanza kuyumba, mwambieni daktari leo, msingoje majibu ya shaba ndipo mmtajie.