Kifutio cha simu na mlango wa Mji Mkongwe

"Simu inafuta mtu yeyote kwenye picha, kompyuta ya nini tena?"

Kwenye mchanga wa Nungwi, sawa: mzungushie mtalii pamoja na kivuli chake, kwishney. Lakini akisimama mbele ya mlango wa Mji Mkongwe, simu haijui kilicho nyuma yake, inabuni tu. Kuza picha: vichwa vya misumari ya shaba vimeyeyukiana, nakshi ya fremu imekatika.

Hapo ifungue picha ya asili kwenye GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha. Nakili ubawa wa pili wa mlango pamoja na fremu ya upande wake, bila mfaa wa katikati, uweke kwenye leya mpya, ugeuze kushoto kulia, sawazisha mwanga, kisha lainisha kingo kwa brashi. Mtu akiwa kaziba mbawa zote mbili, huna cha kunakili. Rudi kapige nyingine.