"Mkojo wake mweupe, basi figo zake nzima"

Niliisikia tena Jumatatu moja, wiki kadhaa zilizopita, kliniki ya siko seli hapa Malindi. Mama amekuja na kijana wake wa miaka 13. Nilipotaja kupima figo akanikatiza: "Daktari, figo zake hazina neno. Anakojoa sana, na mkojo wenyewe mweupe kama maji ya mvua." Mwezi huo alikuwa mzazi wa nne kuniambia hivyo, na wawili kati yao walikuwa wameambiwa na wahudumu wa afya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwa mtoto mwenye siko seli, mkojo mweupe wakati wote ni alama ya kwanza ya figo kuumia.

Sehemu ya ndani kabisa ya figo ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye mkojo na kuyarudisha mwilini. Kule ndani oksijeni ni haba, chumvi ni nyingi na asidi iko juu. Hayo matatu ndiyo yanayoifanya chembe nyekundu ya siko seli ijikunje kama mundu. Vishipa vya pale ni vyembamba mno, vinaziba, na miaka inavyokwenda vinakufa kimoja baada ya kingine. Huanza mapema, mtoto akiwa bado mdogo. Mwanzoni kuongezwa damu kunaweza kurudisha uwezo huo. Akishakua hakurudishi tena.

Mtu mwenye figo nzima akilala bila kunywa, asubuhi mkojo wake una rangi. Huyu wetu anaamka na kiu, midomo imekauka, na mkojo bado mweupe. Kijiti cha mkojo kina kisanduku kinachopima uzito wa mkojo. Kwa mkojo wa kwanza wa alfajiri wa mtu mzima wa afya nategemea kuona 1.020 au zaidi. Kwa hawa kinaganda karibu na 1.010, wanywe wasinywe.

Hapo ndipo watoto wanapodhulumiwa. Yule kijana bado anakojoa kitandani, na nyumbani wameshamwita mvivu. Dawa waliyoiona ni kumnyima maji kuanzia magharibi. Nilimweleza mama yake taratibu kwamba mtoto anapoteza maji usiku kucha apende asipende, na ukimnyima ya kuyafidia, damu inakuwa nzito, chembe zinajikunja zaidi, na alfajiri anashikwa na maumivu. Mwamsheni saa sita za usiku aende msalani, tandikeni mpira chini ya shuka, na chupa ya maji iwe karibu yake. Na kabla ya Ramadhani njooni tuzungumze, kwa sababu mwili wake hauwezi kuweka akiba ya maji kama wenu.

Mkojo mwembamba una ubaya wa pili: unaficha ugonjwa usionekane kwenye kipimo.

Kijiti kinapima protini iliyomo ndani ya kiasi fulani cha mkojo. Mkojo ukiwa na maji mengi, protini imezimuliwa, na kijiti hakiioni. Kijiti cha yule kijana kilisoma hakuna kitu. Nikapeleka mkojo wa kwanza wa asubuhi ukapimwe uwiano wa albumini, ndiyo protini yenyewe inayovuja, na kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo. Albumini ilikuwa mg 40 kwa lita, kiasi ambacho kijiti cha kawaida hakikishiki. Kreatinini ya mkojo ilikuwa mmol 4 kwa lita. Gawa 40 kwa 4 unapata 10. Mpaka wa kawaida ni chini ya 3. Uwiano huu hausumbuliwi na maji, kwa sababu maji yanazimua albumini na kreatinini kwa pamoja. Ndiyo maana nausisitiza kila mwaka kuanzia miaka 10, hata kama kijiti ni kisafi na mtoto hana uvimbe popote.

Mama akatoa karatasi. "Lakini damu yake ilipimwa, daktari, wakaniambia kreatinini ni ya kawaida." Kweli, ilikuwa imeandikwa hivyo. Alikuwa na karatasi mbili, na nilifurahi kwamba hakuitupa ile ya zamani.

Akiwa na miaka 11, kreatinini ya damu ilikuwa mikromoli 31 kwa lita. Sasa ni 56. Fomu ilikuwa na viwango vya watu wazima, ukomo wa juu 106, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini kreatinini ni taka ya misuli, na mtoto mwenye siko seli ana misuli michache. Juu ya hilo, kwa sababu damu yake ni pungufu, moyo husukuma kwa nguvu na figo hupitishiwa damu nyingi kuliko kawaida. Vichujio vinafanya kazi ya kupindukia miaka mingi kabla ya kuchoka, na mirija ya figo nayo inatoa kreatinini ya ziada. Kila kitu kinaishusha namba hiyo. Kwa mtoto wa namna hii ile "kawaida" ya fomu haina maana, maana kreatinini ikifika inapoonekana mbaya kwa watu wengine, kwake sehemu kubwa ya figo imeshakwenda.

Kwa watoto tunatumia kanuni nyepesi ya kukadiria uchujaji wa figo: 36.5 mara urefu kwa sentimita, gawa kwa kreatinini. Alipokuwa na sentimita 136 na kreatinini 31, uchujaji ulikuwa kama 160, yaani juu mno. Sasa ana sentimita 145 na kreatinini 56, ni kama 94. Ukiiona 94 peke yake utasema ni nzuri. Ukiiweka karibu na 160 unaona mtoto ameanguka. Kanuni hii nayo inasimama juu ya kreatinini ileile, kwa hiyo kwa siko seli naitumia kuona mwelekeo, siitegemei kama kipimo cha hakika.

Nikauliza anatumia nini akishikwa na maumivu. Brufeni ya dukani, na mara mbili mwezi huo alichomwa sindano ya diklofenaki. Dawa za kundi hilo zinabana damu inayoingia kwenye figo, na figo hizi hazina akiba ya kuvumilia. Tukazisimamisha, akapewa dawa nyingine ya maumivu, na baada ya wiki mbili kreatinini ilishuka hadi 48. Uchujaji ukapanda kidogo kufika 110. Kwa hiyo sehemu ya anguko ilikuwa brufeni, na sehemu iliyobaki ni siko seli yenyewe. Uwiano wa mkojo ulirudiwa, akiwa hana homa wala maumivu, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuupandisha kwa muda. Ulikuwa 9. Mara mbili, nikaamini.

Ameanzishwa enalaprili kwa dozi ndogo, inayopunguza shinikizo ndani ya vichujio na hivyo kupunguza uvujaji wa albumini. Haidroksiurea, dawa yake ya siko seli, imepandishwa kulingana na uzito, maana alikuwa bado kwenye dozi ya mwaka juzi. Baada ya wiki mbili tunapima potasiamu na kreatinini tena, kwa sababu enalaprili inaweza kupandisha potasiamu, na figo za siko seli zina shida ya kuitoa.

Na hapa niwaombe wauza ushauri wa mtaani: acheni kuwaambia watu hawa kwamba madafu yanasafisha figo. Dafu limejaa potasiamu. Kwa mwenye figo nzima halina neno. Kwa mtu aliye kwenye enalaprili na figo dhaifu, madafu matatu kwa siku yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Anywe maji.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia kwa wagonjwa. "Figo zingekuwa mbaya mgongo ungeniuma." Hapana. Uvujaji wa albumini hauumi, wa siko seli wala wa VVU. Maumivu ya kiuno mara nyingi ni ya misuli.

"Damu kwenye mkojo ni kichocho." Huku pwani mara nyingi ni kweli, na kichocho tunakitafuta kwa mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Lakini siko seli huua ncha za ndani za figo, na damu ikatoka nyingi bila maumivu yoyote. Hata mwenye kurithi nusu tu, asiyeumwa maisha yake yote, anaweza kupatwa. Ukimeza dawa ya kichocho na damu ikaendelea, altrasaundi ya figo haina mjadala. Kuna saratani adimu ya figo inayowapata vijana wenye urithi huo wa nusu, na haisubiri.

"ARV zinaharibu figo, bora nizipumzishe." Hii nayo inaniumiza, kwa sababu ndani yake kuna ukweli nusu. VVU visivyodhibitiwa vinaingia kwenye chembe za figo zenyewe na kuvunja vichujio. Mkojo unatoa povu la protini nyingi, na altrasaundi inaonyesha figo za ukubwa wa kawaida au kubwa zaidi, zinazong'aa, ilhali wengi wanategemea figo mbovu iwe imesinyaa. Dawa ya ugonjwa huo ni hizohizo ARV. Ukizisimamisha umezifungulia virusi mlango.

Ukweli wenyewe uko kwa tenofova, mojawapo ya ARV, ambayo kwa watu wachache huumiza mirija ya figo. Tofauti na siko seli, hapa kijiti kinasaidia. Nilimpokea mwanamke aliyetumia vidonge hivyo miaka mingi, akaambiwa ana kisukari kwa sababu mkojo ulikuwa na sukari. Sukari ya damu kabla ya kula ilikuwa 5.1, na hakuwa ametumia dawa yoyote ya kisukari. Sukari kwenye mkojo huku ya damu ikiwa ya kawaida maana yake ni mirija inayovuja. Fosfeti yake ilikuwa chini, na ndiyo maana mifupa ilimuuma. Tulibadilisha tenofova peke yake tukaweka abakavia, nyingine zikabaki. Hakukaa hata siku moja bila ARV.

Kwa wanaotumia dolutegravia, ARV nyingine, kreatinini hupanda kidogo mwezi wa kwanza kisha inatulia. Dawa inazuia mirija kutoa kreatinini, lakini uchujaji wenyewe hauguswi. Septrini nayo hufanya hivyohivyo. Mkojo ukiwa hauna protini wala sukari, na namba ikatulia pale ilipofika, usibadilishiwe dawa. Ikiendelea kupanda mwezi wa tatu, hapo tatizo ni jingine, na mkojo urudi maabara.

Yule mama wa Jumatatu atarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Nimempa kichupa chenye kifuniko: mkojo wa kwanza wa alfajiri, kabla kijana hajanywa chochote, na ufike kwetu kabla ya saa tatu.