Watu 3,000 kwenye rezime: nambari isiyo na chanzo

Mwaka jana nilipewa kusoma ripoti ya mradi wa maji wa huko Ndosho, hapa Goma. Rezime yake, yaani ule ukurasa wa kwanza ambao mkurugenzi na mfadhili husoma kabla ya yote (na mara nyingi bila kuendelea), ilisema kwamba robine 12 zinahudumia watu 3,000. Ndani ya ripoti niliona sentensi moja tu: «Robine moja inatosha watu 250.» Haikutaja chanzo.

Sentensi hiyo nilikuwa ninaifahamu. Imetoka katika kitabu cha mwongozo cha Sphere, kinachoweka viwango vya misaada ya kibinadamu, toleo la 2018, na mwandishi alikuwa amebadilisha maneno mawili matatu tu. Kubadilisha maneno hakuondoi wizi wa maandishi, kwa maana wazo na nambari vimebaki vya mwingine. Alipaswa kufunga kitabu, kueleza jambo kwa maneno yake, kisha kuandika mwishoni mwa sentensi (Sphere, 2018) na kukitaja kitabu kikamilifu katika orodha ya marejeo.

Mimi lakini nilihangaishwa zaidi na kile kilichopotea katika kunakili. Mwongozo unasema watu 250 ikiwa robine inatoa lita 7.5 kwa dakika. Ukimpa kila mtu lita 15 kwa siku, watu hao wanahitaji lita 3,750, ambazo robine hiyo huzitoa kwa dakika 500, yaani zaidi ya saa nane. Kwenye kiambatisho cha ripoti hiyohiyo, daftari la fundi lilionyesha kwamba kwa sababu ya kukatika kwa umeme wa pampu, maji yalitoka saa nne tu kwa siku. Saa nne ni lita 1,800, zinazotosha watu 120. Kwa robine 12 tunapata watu 1,440, chini ya nusu ya wale waliotangazwa.

Daftari la fundi nalo ni chanzo: lipewe jina, tarehe na nambari ya kiambatisho. Hali kadhalika aya zinazochukuliwa kutoka ripoti ya mwaka uliopita, hata kama uliziandika wewe mwenyewe.

Tuliandika rezime upya baada ya sura zote kukamilika, ukurasa mmoja kwa ripoti ya kurasa 22, tukianza na uamuzi unaoombwa: «Tunaomba kibali cha kununua jenereta ya pampu. Robine zote 12 zimejengwa, lakini kwa saa nne za maji kwa siku zinatosha watu 1,440 kati ya 3,000 waliolengwa.» Humo hatukuweka marejeo, kwa kuwa rezime haileti jambo jipya. Nilichukua kalamu nyekundu, na kando ya kila nambari ya nakala yangu nikaandika ukurasa inakotoka. Nambari mbili hazikupata ukurasa, tulizifuta.