Je, wajua kwa nini tabasamu la WeChat, programu ya kuchati ya Kichina, linaweza kuwa ugomvi?

"Wakala wangu wa Guangzhou kanitumia skrinshoti ya WeChat, anaongea na mama mwenye kiwanda cha mikoba. Nimepitisha kwenye programu ya tafsiri, naona tu 'hehe', tabasamu, 'oh' na mkono wa kuaga. Wakala anasema yule mama kachukia. Kachukia wapi hapo?" (mfanyabiashara wa mikoba, Mtaa wa Kongo, Kariakoo)

Kachukia karibu kila mahali. Programu ya tafsiri inasoma maneno, na katika maongezi haya hasira haimo kwenye maneno. Imo kwenye vile vipande ambavyo programu inaviruka au inavitafsiri kama vilivyo: kicheko cha herufi mbili, kisura cha njano, itikio la silabi moja, na mstari wa kijivu ambao wengi hatuusomi kabisa.

Haya ndiyo maongezi yenyewe, bila majina. Upande wa kulia, kwenye viputo vya kijani, huwa ni mwenye simu iliyopigwa skrinshoti, yaani wakala. Kushoto, kwenye viputo vyeupe, ni mama wa kiwanda. Anza na hilo kabla ya lingine lolote, maana nimeshaona watu wakimlaumu mtu kwa maneno ya mwenzake.

Mama: 亲，在吗
Wakala: 在的
Mama: 货做好了，尾款什么时候付？
Wakala: 客户说颜色不对，能便宜点吗？
Mama: 呵呵
Mama: 颜色是你们自己选的 [微笑]
Wakala: [捂脸] 我再问问客户
Mama: 哦
(mstari wa kijivu) 撤回了一条消息
Mama: 随便 [再见]

Kwa maneno matupu: mama anauliza kama wakala yupo, anasema mzigo uko tayari, hela ya kumalizia inalipwa lini. Wakala anajibu kwamba mteja, yaani wewe, analalamikia rangi, je, anaweza kupunguza bei kidogo? Mama anasema rangi mlichagua wenyewe. Wakala anaahidi kumuuliza tena mteja. Mama anamaliza kwa "vyovyote" na mkono wa kuaga. Hayo ndiyo uliyoyaona, na ukiishia hapo ni biashara ya kawaida tu.

Sasa rudi kwenye neno la kwanza, 亲. Maana yake ni "mpendwa", na ni lugha ya wauza duka wa mtandaoni wa Kichina, iliyoenea sana kupitia Taobao, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 2003. Si mapenzi. Ni kama muuza duka wa Kariakoo anavyokuita "bosi wangu" kabla hajajua hata jina lako. Ila likishatumika, kutoweka kwake kuna maana. Mama kaanza na 亲, halafu halionekani tena mpaka mwisho. Ukiona "bosi wangu" imegeuka "wewe" ndani ya dakika tano, huhitaji mkalimani.

Kinafuata 呵呵. Programu inakupa "hehe", na kwa sauti haijakosea. Zamani ilikuwa kweli sauti ya kicheko. Lakini kwenye kuchati watu wakaanza kuitumia pale wasipokuwa na la kujibu, kisha pale wasipotaka kujibu, hadi ikawa kicheko cha kumdharau mtu. Mchina anayecheka kweli huandika 哈哈哈, na kadiri 哈 zinavyoongezeka ndivyo anavyocheka. 呵呵 iliyokaa peke yake kwenye kiputo chake, tena mara tu baada ya kuombwa punguzo, ni yule mama wa Kiswahili anayeguna "mh!" na kugeuza uso pembeni.

Kisura kinachofuata, [微笑], ndicho kinachowapoteza wageni wengi. Jina lake ni "tabasamu", na ukinakili ujumbe ukaubandika nje ya WeChat utaona jina hilo hilo kwenye mabano. Sasa kuza picha ukitazame. Mdomo umejikunja juu, lakini macho hayacheki, yanatazama chini kidogo kama ya mtu anayevumilia. Kwa vijana wa Kichina hicho ni kisura cha "naona unanichezea, ila nitabaki na adabu". Mama kakiweka baada ya "rangi mlichagua wenyewe". Ungekitoa, sentensi ingebaki ukumbusho tu. Kwa kukiweka, imekuwa shutuma.

Hapa kuna mtego ambao lazima niueleze, maana mtu akishajifunza hili huanza kuona matusi kila mahali. Watu wazima wa Kichina, wenye miaka 50 na kuendelea, wengi hukitumia kisura hicho kwa nia safi kabisa. Visura hivi vina mizizi katika QQ, huduma ya kuchati ya kampuni ya Tencent iliyoanza mwaka 1999, na WeChat ya kampuni hiyo hiyo ikaja mwaka 2011. [微笑] ndicho cha kwanza kabisa kwenye orodha. Mzee anafungua visura, anaona cha kwanza kinatabasamu, anakituma. Basi.

Utajuaje ni kipi? Angalia kinakaa na nani. Kikija pamoja na salamu ya asubuhi, ua la waridi, mkono wa kupeana au stika ya maua yenye maandishi ya dhahabu, huyo ni mtu mzima anayekutakia heri. Kikija mwishoni mwa sentensi inayokukosoa, tena baada ya 呵呵, jibu unalo. Kwa hiyo nilimwomba mwenye mikoba skrinshoti za wiki zilizopita. Mama huyo alikuwa akimaliza mambo mazuri kwa kisura chenye meno nje, wala hakuwa na mazoea ya [微笑]. Siku hiyo kakichagua makusudi. Skrinshoti moja haikuonyeshi mtu alivyo kawaida, na hasira hupimwa kwa kutoka kwenye kawaida hiyo.

Wakala naye kajibu kwa [捂脸], kisura kilichoziba uso kwa kiganja huku kikicheka na machozi. Hicho ni cha aibu na kuomba radhi kidogo: "jamani, hata mimi naona haya, nimetumwa tu". Hapo utamwelewa wakala wako. Yuko katikati, na anajitenga na ombi lako taratibu.

Mama akajibu 哦. Herufi moja. Sisi tunalijua hili vizuri kuliko tunavyofikiri. Mwandikie mtu "nitachelewa kidogo" akujibu "sawa sawa", moyo unatulia. Akujibu "haya", unaanza kujiuliza umekosea nini. Kichina kiko hivyo hivyo: 哦 na 嗯 zikiwa moja moja ni kavu, zikirudiwa, 哦哦 au 嗯嗯, zinalainika. 好 ni ya amri kidogo, 好的 ni ya adabu. Programu ya tafsiri inazipa zote "oh" au "sawa", na joto lote linapotelea hapo.

Mstari wa kijivu unasema mama kafuta ujumbe. WeChat inakupa dakika mbili za kurudisha ulichotuma, na ukirudisha inabaki alama hiyo ambayo wote wawili mnaiona. Alichoandika mama hatukijui, na mtu asikudanganye kwamba anakijua. Tunachokijua ni kwamba aliandika kitu, akakifuta, kisha akaweka 随便, "vyovyote", na kisura kinachopunga mkono. Mkono huo si kwaheri ya "tutaonana kesho". Baada ya ugomvi, maana yake ni "tumemalizana". Kwaheri ya kawaida wangeandika 拜拜, au 88, ambayo Kichina husomwa "ba ba" na kusikika kama bai-bai.

Nisimame kidogo kwenye namba, maana vijana wa Dar hawana sababu ya kuzishangaa. Anayeandika "2po pamoja" au "cjui" anafanya kile kile: anaazima sauti ya alama. Kwa Wachina 666 ni sifa, "umetisha", kwa sababu sita inasikika kama neno la kufanya jambo kwa ustadi. 555 ni kilio, "wu wu wu". Lakini kabla hujamhurumia mtu, hakikisha ni lugha gani. Kwa Kithai tano husomwa "ha", na hiyo 555 ni kicheko cha ha ha ha. Wanaofuata mzigo Bangkok na Guangzhou kwa safari moja wana kila sababu ya kuchanganyikiwa.

Stika ni shida ya namna yake. Maandishi yake yamo ndani ya picha, mara nyingi kwa mwandiko uliopinda, na programu huyaruka au huyasoma nusu. Hapo usianze na maneno. Angalia uso na mwili wa mchoro, kisha angalia nani kaituma baada ya ujumbe gani. Mara nyingi hizo mbili zinatosha.

Tukarudi kwenye mikoba yenyewe. Nilimuuliza mwenye mzigo swali moja: rangi uliyoidhinisha kwenye sampuli ilikuwa ipi? Akatafuta picha kwenye simu yake, akakaa kimya, kisha akacheka. Ilikuwa ile ile. Kumbe alitaka punguzo, na rangi ilikuwa kisingizio. Mama wa kiwanda alilijua hilo kabla yetu, ndiyo maana akaguna.

Tukamwandikia wakala atume hivi: 不好意思，颜色没问题，尾款今天付 [抱拳]. Yaani samahani, rangi haina tatizo, hela ya kumalizia inalipwa leo, pamoja na ile mikono miwili iliyofumbatana ya heshima. Hatukuweka tabasamu la aina yoyote.

Jibu lilikuja jioni: 好的. Halikuwa na 亲, lakini halikuwa na 呵呵 pia.