Faiba haifanyi kazi kwa digrii 43, na mambo mengine yanayokorogwa kila siku

Ukikaa na vijana wanaovuta faiba, zile nyaya za kioo za intaneti, pale Ngamiani, Tanga, au na wanafunzi wa kidato cha nne wanaosoma fizikia, utasikia maelezo yaleyale kuhusu mwanga unavyosafiri ndani ya faiba, na mengi yana nusu ya ukweli ndo maana hayafi.

"Ndani ya faiba kuna kioo cha kujitazamia"

Hakuna. Ingekuwa hivyo mwanga usingefika hata Muheza. Kioo cha kujitazamia hakirudishi mwanga wote, tuseme kinapoteza asilimia 2 tu kila ukigonga, ukishagonga mara 100 umebaki na kama asilimia 13 hivi, na kwenye faiba mwanga unagonga mara nyingi mno kuliko hizo. Kinachofanyika ni kuakisiwa kote, yaani mwanga unafika mpakani kwa kulala sana hadi hauwezi tena kupinda na kutoka, unarudi wote.

"Hiyo inatokea popote vitu viwili vinapokutana"

Hapana, lazima mwanga utoke kwenye kitu kizito kimwanga kwenda kwenye chepesi. Uzito huo unapimwa kwa n, yaani kitu kinapunguza kasi ya mwanga mara ngapi, n ikiwa kubwa kitu ni kizito. Kazamie pale Raskazone maji yakiwa shwari halafu utazame juu, utaona mbingu imejikusanya kwenye duara moja juu ya kichwa, nje ya duara hilo uso wa maji unakuonyesha kiza na mchanga wa chini. Ukingo wa duara ndo pembe ya ukomo ya maji, yaani pembe ambayo mwanga ukiizidi hautoki tena, n ni 1.33, kwahiyo kama digrii 48.8. Ukiwa juu ya ngalawa unatazama chini hilo duara hulipati, maana mwanga unaotoka hewani kwenda majini kuna kiasi kinaingia siku zote.

"Faiba ni kioo, n ni 1.468, kwahiyo pembe ya ukomo ni 43"

Hapa ndo penye kazi. Hesabu yenyewe iko sawa:

sin C = n2 / n1 = 1 / 1.468 = 0.681, C = digrii 42.9

Shida ni hiyo 1 ya juu, umeweka hewa, na kiini cha faiba hakigusani na hewa. Kimezungukwa na kladingi, ambayo watu wanadhani ni ganda la kulinda tu, kumbe nayo ni kioo, ila n yake imeshushwa kidogo sana. Ganda la plastiki liko nje ya hiyo. Tuchukue kladingi ya 1.463:

sin C = 1.463 / 1.468 = 0.9966, C = digrii 85.3

Na pembe hii inapimwa kutoka kwenye nomo, ule mstari uliosimama wima kwenye uso wa kioo, siyo kutoka kwenye uso wenyewe (hapa wengi wanapoteza maksi bure kabisa). Maana yake mwanga unatakiwa ulale karibu sambamba na waya, usizidi digrii 4.7 kutoka kwenye mhimili.

Sasa mtu atauliza, si bora hewa basi, inapokea mwanga wa pembe nyingi zaidi? Ndo ubaya wake. Miali iliyolala sana inanyooka na ile iliyosimama inakwenda zigizaga, njia ndefu, inachelewa. Kwenye kilomita 1 ya faiba nene ya miali mingi, wa katikati unatumia mikrosekunde 4.9, wa zigizaga ukiwa na hewa nje unachelewa mikrosekunde 2.3 nyingine, ukiwa na kladingi yetu unachelewa nanosekunde 17 tu. Kwa hewa alama zinakanyagana mapema mno. Na kioo kitupu kikiguswa na mafuta ya kidole au vumbi, pale pale kinavujisha.

"Mwanga unafuata waya hata ukiukunja vipi"

Kumbuka zile digrii 4.7. Ukikunja waya kwa kona kali kwenye pembe ya ukuta, mwanga unaogonga upande wa nje wa kona unafika umesimama zaidi, unashuka chini ya 85.3, unatoka. Kwenye faiba za singomodi, zinazopitisha mwanga kwa njia moja tu, ambazo kiini chake ni kama mikroni 9, picha ya miali inapwaya kidogo maana pale mwanga ni wimbi, lakini kuvuja kwenye kona kuko palepale. Fundi akipiga tochi ya leza nyekundu ataona kona inang'aa kama ganda siyo jeusi. Likiwa jeusi, apime upotevu kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa 1310 na 1550 nm: upotevu ukiwa mkubwa zaidi kwenye 1550, hiyo ni kona, anyooshe waya kwanza. Ukilingana kote, shida iko kwenye kiungo au konekta, asafishe au aunge upya.